Elfu Sitini Kwenye Daftari la Nyuki

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, sokoni wanamwita Nyuki, na si kwa sababu ya utamu. Ni kwa sababu hatulii. Akikaa kwenye kigoda chake nyuma ya magunia ya maharage, mguu unacheza. Ukimsalimia anakujibu huku anafuta mizani, anafukuza kuku wa watu na kumuuliza jirani yake wa vitunguu kama ana chenji, yote kwa pumzi moja. Kaka yangu alipomposa nilimtania kwamba anaoa mwanamke ambaye kivuli chake mwenyewe hakimuwezi. Kaka hakucheka. Alisema angalau kwa huyu hatalala njaa, na ukweli ni kwamba hajalala.

Nyuki alianza na beseni moja la maharage pale kwenye lango la soko, akikimbizana na watoza ushuru. Wakija kushoto yeye yuko kulia, beseni kichwani, mtoto mgongoni. Alipopata meza yenye paa alilia siku nzima huku anauza, na wateja wakadhani amefiwa. Shule aliiacha mapema, lakini hesabu anaijua ya kichwani, na tarakimu zake ni kubwa na nene, anazikandamiza mpaka zinatokea upande wa pili wa karatasi. Daftari lake lina kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto imetoka, kulia imeingia. Na ana sharti lake ambalo hajawahi kulivunja: ukurasa wa kushoto anaandika tu kile alichokitoa kwa mkono wake mwenyewe. Hapendi habari za fulani kanitolea. Anasema mkono wake haumdanganyi.

Mimi ndiye mkaguzi wa madaftari wa kikundi chetu cha akiba, wanawake wa sokoni na jirani zao. Nina duka dogo la nyuzi na vifungo ng'ambo ya barabara, na nina ubishi mwingi, ndiyo maana walinipa kazi hiyo. Kila mwanachama tunamkagua kwa zamu. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu kwamba deni likifutwa kwenye orodha ya wadaiwa, siku hiyohiyo liandikwe kwenye zilizoingia, kwa alama ya nyota, ili lisichanganywe na mauzo ya siku hiyo. Nyuki alilishika hilo kuliko wote. Akishika jambo huyu, ndiyo kashika.

Sasa huyu Nyuki ana mdogo wake wa kike, tumbo moja, ambaye ni kinyume chake kabisa. Mpole, mzito wa maneno, ukimuuliza kitu anafikiri kwanza mpaka unasahau ulichouliza. Ndoa yake ilivunjika, akaja kwa dada yake na begi moja na cherehani ya mkono. Analala chumba kimoja na watoto, asubuhi anashona viraka na kupunguza suruali za watu, mchana anashika meza ya dada yake wakati Nyuki anazunguka kudai madeni au anakwenda kupokea mzigo kwenye lori. Hakuna mshahara. Anakula, analala, na dada anamnunulia sabuni. Kwao hakuna tena kwao, wazazi walishazikwa na nyumba ikauzwa. Akitoka pale, hana pa kwenda.

Basi siku ile Nyuki alikuja dukani kwangu kabla sijamaliza kufungua milango. Hakusalimu. Aliweka daftari juu ya meza ya vifungo, akasema fedha imepungua elfu sitini, na yeye anajua ilipokwenda. Nikamuuliza ilikwenda wapi. Akasema kopo la fedha la mezani lina watu wawili tu wanaoligusa, na mmoja wao ni yeye. Alikuwa amesimama lakini nakuapia alikuwa anatembea, huku kufungua mikono, huku kufunga. Alinieleza kwamba jana yake alimuuliza mdogo wake, akamuuliza tena, wakati wa kula akamuuliza mbele ya watoto, na yule mdogo anajibu tu kwamba hajachukua. Asubuhi amemwambia asikanyage mezani. Akizirudisha atabaki; asiporudisha na hesabu ikithibiti, afungashe.

Nilikasirika, nasema wazi. Si kwa sababu nilijua binti yule hana hatia, sikujua. Ni kwamba kumuuliza mbele ya watoto hakukuwa na maana yoyote. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Wifi, we nikagulie daftari, malezi yangu niachie." Nikafunga duka nikamfuata.

Tulikaa kwenye stoo yake nyuma ya meza, chumba cha mabati ambacho ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yeye alikuwa anaingia na kutoka, mteja akiita anakwenda, akirudi anachungulia begani kwangu nimefika wapi, mpaka nikamwambia akinipumulia tena shingoni nitaondoka.

Daftari la meza ya sokoni halina uchawi. Unaanza na fedha iliyokuwepo ukaguzi uliopita, unaongeza kila iliyoingia, unatoa kila iliyotoka, na kinachobaki ndicho unachotakiwa kukikuta mkononi. Ukaguzi uliopita niliufanya mwenyewe na saini yangu ipo: fedha mkononi laki moja na hamsini, maharage kilo sitini. Tangu hapo mauzo ya taslimu yalikuwa laki tano. Madeni yaliyolipwa, yale ya nyota, yalikuwa mawili: elfu ishirini na tano za mwalimu mmoja wa shule ya jirani, na elfu sitini za Mama Sufuria, mpishi wa kibanda cha chakula mwisho wa uchochoro. Jumla pamoja na ya mwanzo, laki saba na thelathini na tano.

Kushoto, manunuzi ya maharage yalikuwa mara mbili, laki moja na themanini, kisha laki tatu. Ushuru na mchukuzi elfu thelathini. Ya nyumbani, ile anayotoa kwa chakula na ada, elfu sabini, ameiandika bila kuficha. Jumla laki tano na themanini. Kwa hiyo kopo lilitakiwa kuwa na laki moja na hamsini na tano. Nikamwaga kopo juu ya gunia, nikahesabu noti na sarafu. Elfu tisini na tano. Nikamuuliza kuhusu fedha ya simu, akasema mezani kwake hapokei, ni noti mkononi. Nikarudia kujumlisha kutoka chini kwenda juu. Sitini, palepale.

Mauzo ya mkopo sikuyaingiza hapo, na Nyuki anajua kwa nini. Aliyechukua maharage kwa deni hajaleta kitu, yuko kwenye orodha ya wadaiwa tu, na kopo halimjui mpaka alipe. Mikopo mipya ilikuwa laki moja, majina yote yapo na kilo zao. Nikamwambia Nyuki kwamba alichohesabu ni sahihi, fedha kweli imepungua. Alishusha pumzi. Nilimtazama usoni nikaona kitu ambacho sikukipenda, lakini sikukitaja.

Ndipo mdogo wake alipoingia. Alikuwa amevaa kanga ya kutokea, uso umepauka kama mtu aliyetembea juani bila kunywa maji. Hakunitazama. Alifungua pindo la kanga, akatoa noti zilizokunjwa, akaziweka juu ya daftari lililofunguliwa.

"Ni mimi, dada," alisema. "Nilichukua. Hizo ni sitini, hesabu."

Nyuki alizichukua. Alizihesabu haraka, mara mbili, kwa kidole gumba kilicholambwa. Zilikuwa sitini. Akazisukumia kwenye zile za kopo, na uso wake wote ukalegea, mabega yakashuka, hata mguu ukatulia. Kisha ndiyo hasira ikaja. Alimwambia kwamba amemlisha, amempa pa kulala, na yeye anamlipa hivyo. Alimwambia ashukuru wametoka tumbo moja. Alisema atabaki, maana amerudisha, lakini kopo asiliguse tena maisha yake yote. Yule binti aliitika tu, ndiyo dada, ndiyo dada, kama anayesikiliza maelekezo ya dawa.

Mimi nilimuuliza alichukua siku gani. Akafikiri. Akasema hakumbuki. Nikamuuliza alichukua zote pamoja au kidogokidogo. Akafikiri tena, akasema zote. Nikamuuliza zilikuwa noti za namna gani. Akanitazama kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa yananiomba nimwache.

Sikumwacha, ndivyo nilivyo. Nikamwambia Nyuki alete mizani, tunapima mzigo.

"Mzigo wa nini tena?" alisema. "Fedha imekaa. Mwenyewe kasema."

"Mimi nakagua daftari, sikagui watu," nikamjibu. "Na daftari halijaisha."

Aligomba. Alisema wateja wanasubiri, alisema mimi napenda kuchimba hata pasipo na maji. Nikabaki nimekalia ndoo. Kwenye kikundi hatusaini mpaka fedha na mzigo vyote viwili vikubaliane, na hilo hata yeye amewahi kumsimamishia mwenzake. Akaleta mizani kwa kishindo.

Hesabu ya mzigo ni fupi kuliko ya fedha. Zilikuwepo kilo sitini. Amenunua kwa laki nne na themanini, na bei ya lori ni elfu mbili kwa kilo, kwa hiyo zimeingia kilo mia mbili na arobaini. Jumla mia tatu. Ameuza kwa elfu mbili na mia tano: taslimu laki tano ni kilo mia mbili, mkopo laki moja ni kilo arobaini. Yale madeni ya nyota hayahesabiwi hapa, maharage yake yaliliwa zamani. Zimetoka mia mbili na arobaini, zinatakiwa kubaki sitini.

Tukapima. Mdogo mtu ndiye aliyeshika mdomo wa gunia, mimi nikasoma, Nyuki akaandika. Tulipofika sitini gunia lilikuwa bado limesimama. Nyuki aliacha kuandika. Nikamwambia aendelee. Ilipokwisha punje ya mwisho tulikuwa na kilo tisini, kasoro nusu, na nusu ni ya mizani na ya kumwagika, hatuigombanii.

Nikamuuliza wifi yangu kama maharage yake huwa yanazaa stoo. Hakucheka, na mimi sikuwa nacheka. Mtu akichota fedha kwenye kopo, gunia halijui. Fedha inapungua, mzigo unabaki uleule. Hapa fedha ilipungua na mzigo ukazidi, vyote kwa pamoja, na hilo wizi hauwezi kulifanya. Kilo thelathini zilizozidi, kwa bei ya kuuzia, ni elfu sabini na tano. Haiingii popote. Kwa bei ya kununulia ni elfu sitini kamili. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kuangalia mauzo. Nilirudi ukurasa wa kushoto, kwenye manunuzi.

Laki moja na themanini ni gunia moja la kilo tisini, hilo halina shida. Ile laki tatu ndiyo iliyonikera, na nilijilaumu kwa kuipita mara ya kwanza. Nikamuuliza siku ile alishusha magunia mangapi. Akasema mawili. Nikamwambia mawili ni laki tatu na sitini.

"Nilimpa dereva laki tatu," akasema. "Kwa mkono wangu huu."

"Najua. Na sitini nani alimpa?"

Nyuki akatoka mbio bila viatu, na nikasikia watu wa uchochoroni wanamuuliza kuna nini. Alirudi na Mama Sufuria, mwanamke mnene wa maskhara, mwiko bado mkononi. Mama Sufuria alieleza kwa wepesi, kwa sababu kwake halikuwa jambo. Siku ile lori lilikuwa linaondoka, Nyuki amepungukiwa, akamwambia zile sitini ninazokudai mpe dereva moja kwa moja. Akampa. Kesho yake akaja mezani kuomba jina lake lifutwe, likafutwa mbele yake. Akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, akarudi kwenye moto wake.

Basi ndiyo hivyo. Nyuki alifuta deni, na kwa sheria yetu deni likifutwa linaandikwa limeingia, akaliandika, nyota na yote. Lakini lilipotoka halikupita kiganjani kwake, na kwa sheria yake mwenyewe kisichopita kiganjani hakiandikwi. Elfu sitini ziliingia kwenye daftari bila kugusa kopo, na hazikutoka. Nikachukua kalamu nikaandika kushoto, manunuzi, sitini, kwa mkono wa Mama Sufuria. Iliyotoka ikawa laki sita na arobaini. Fedha mkononi elfu tisini na tano, ileile niliyoikuta kwenye kopo. Maharage yaliyobaki tisini. Kila kitu kilikaa.

Kati ya noti za kopo bado zilikuwamo zile sitini alizoleta binti. Nikazitenga. Nikasema hizi hazina mstari kwenye daftari hili, ni za nani?

Ikabidi nimuulize binti tena. Akasema ameuza cherehani. Alimuuzia fundi wa pembeni mwa soko, na fundi alipoona haraka yake akamtajia sitini, naye akapokea, kwa kuwa alihitaji sitini. Cherehani ile ilikuwa kitu pekee alichotoka nacho kwenye ile ndoa.

Nyuki sasa alikuwa analia, na hasira juu yake, maana hajui kulia bila kugomba. "Kwa nini ulisema umechukua? Kwa nini hukukataa?"

"Nilikataa, dada. Nilikataa jana, nikakataa asubuhi."

"Sasa ndiyo ukubali uwongo? Ujiite mwizi?"

"Mwizi aliyerudisha ulisema atabaki," alisema yule mpole, taratibu, kama anavyosema kila kitu. "Mimi sina pa kwenda."

Nyuki akaanza kuzunguka mule ndani, hatua mbili huku, hatua mbili kule, ndiyo ukubwa wa stoo. Atakwenda kwa fundi sasa hivi. Atamnunulia nyingine, ya miguu, mpya. Atawaambia watoto. Yameisha, mdogo wangu, yameisha, hesabu imeonekana, Mungu mkubwa. Akamkamata mkono, akataka kumkumbatia. Binti alikubali kukumbatiwa. Mikono yake mwenyewe ilibaki ubavuni.

"Nilipoziweka zile fedha," alisema akiwa bado begani kwa dada yake, "ulifurahi. Nilikuona."

Hapo Nyuki alimwachia. Nilitegemea akatae, ana mdomo wa kukataa chochote. Alinitazama mimi, na mimi nilikuwa nimemwona pia, nikainamisha macho kwenye daftari. Akakaa. Alikaa chini kabisa, sakafuni, mgongo kwenye gunia, miguu imenyooka mbele yake, na hakuna kiungo kilichocheza. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona hivyo, na niliogopa.

Nje mteja aliita hodi, kisha akaita tena, anataka kilo mbili. Nyuki hakuinuka. Mdogo wake alitoka, akapima, akafunga, akamwambia mteja asante na karibu tena. Kisha akarudi stoo na noti moja ya elfu tano. Kopo lilikuwa karibu yake, wazi, angeweza kuitumbukiza hata bila kuinama. Alilipita. Alipiga magoti mbele ya dada yake, akaifungua ile noti kwa vidole viwili ili ionekane vizuri, akamwekea kwenye kiganja.

"Kilo mbili, elfu tano," alisema. "Itazame, dada. Wifi naye ameona."